Miezi ya Jembe

Kinu chetu kilikuwa pembeni mwa mji wa Sumbawanga, upande ambao upepo wa Julai unafika bila kukutana na chochote cha kuuzuia, na mimi nilikuwa karani wa mizani. Nilipima mahindi yakiingia na unga ukitoka, na nikagombana na kila mtu aliyeamini kwamba gunia lake lilikuwa zito kuliko mizani ilivyosema. Kupima nilifundishwa, kugombana nilikuja nako kutoka nyumbani. Wakulima waliniogopa kidogo na mimi sikuwaonea huruma.

Kinu hicho kilikuwa mali ya umma nilipoanza, na kilikuwa na desturi ambayo sijaisikia kwingine. Mvua za Ufipa zikishika, mahindi hayaji. Wakulima wamekwisha kuuza, barabara zimegeuka tope, mashine inalala. Basi kuanzia Januari hadi Aprili wafanyakazi waliruhusiwa kwenda kulima mashamba yao huku wakilipwa nusu mshahara. Tuliiita miezi ya jembe. Mtu alikwenda kwao, akapiga matuta yake, akapanda maharage na ulezi, na wakati mji mzima unalia njaa ya masika yeye alikuwa na cha kutafuna na bado jina lake liko kinuni. Watu wa ofisi nyingine walituonea wivu, na tuliwaacha wautokose vizuri.

Mimi sikuwa na shamba. Mume wangu alifariki tukiwa kijijini upande wa Namanyere, na arobaini haijafika shemeji zangu walikwisha kugawana lile eneo hadi kwenye kichuguu. Nilikuja mjini na mtoto mmoja wa kiume na godoro, nikapanga chumba Katandala. Kwa hiyo wenzangu walipokuwa wanakwenda na majembe yao begani, mimi nilibaki kinuni kuuza ule unga wa akiba, kilo mbili kilo tatu, kwa akina mama wa mjini. Nilikuwa peke yangu na panya, na mlinzi wa usiku ambaye tulipishana jioni. Kwa kuwa nilifanya kazi, nililipwa mshahara mzima.

Kisha zikaja zile zama za kuuza. Kila kilichokuwa cha umma kilitafutiwa mwenyewe, na kinu chetu kilimpata tajiri mmoja wa mbali ambaye hatukuwahi kumwona zaidi ya mara mbili. Alimleta meneja, kijana mwenye adabu nyingi, anayemwamkia kila mtu mzima shikamoo kabla hajamwagiza kazi. Tulikuwa tumejiandaa kufukuzwa. Badala yake kijana akasimama uwanjani, akasema kazi inaendelea, na miezi ya jembe haitaguswa, kwa sababu yeye pia ni mtoto wa mkulima.

Siku hiyo watu walikunywa pombe ya kimpumu mpaka fundi wa mashine akalala juu ya pumba. Tulimsifu yule kijana kanisani na sokoni. Mimi mwenyewe, ambaye simsifu mtu hovyo, nilisema kwamba huyu amelelewa.

Mambo mawili tu yalibadilika, na yote mawili yalionekana madogo. La kwanza, mimi katika miezi ile nikawa silipwi kwa orodha ya mishahara pamoja na wenzangu. Meneja alisema orodha ya masika ni ya nusu mshahara, kwa hiyo wangu mzima hauwezi kukaa humo, tutaulipa kwa vocha. Niliisaini vocha, nikaona sehemu imekatwa ya Mfuko wa wafanyakazi, nikapewa kilichobaki, na vocha ikabaki ofisini. La pili, lori likija kwa dharura, la mahindi ya shule au la msaada wa njaa, nilitakiwa kuwaita wenzangu waje kupakua. Nilituma ujumbe kwa mtu wa baiskeli, nao walikuja kutoka mashambani na matope hadi magotini, wakapakua, wakarudi. Hawakudai malipo ya ziada. Walisema nusu mshahara tunakula ya nini kama tukiitwa hatuji.

Kuhusu huo Mfuko niseme, maana ndio uliotushika shingo. Mwanzoni ulikuwa akiba tu: unakatwa, mwajiri anaongeza sehemu yake, ukiondoka kazini unapewa chako chote mara moja na unakimaliza mara moja. Baadaye sheria ilibadilishwa ukawa wa pensheni. Sasa aliyefikisha umri na michango ya miaka kumi na mitano angelipwa kila mwezi mpaka afe. Asiyefikisha angepewa mkupuo mdogo na kwaheri. Tulielezwa hayo na ofisa wa Mfuko chini ya paa la ghala, na nakumbuka nilivyohesabu kimyakimya kwa vidole nyuma ya mgongo.

Sikuwa nikiwaza utajiri. Mwanangu alikuwa amekwenda Kasanga, anapakia shehena za maboti yanayovuka kwenda Zambia, na alikuwa ameoa. Alinitumia salamu kila mara kwamba mama, ukichoka njoo, kona yako ipo. Mkamwana wangu ni mtu mwema, simsemi. Lakini nimewaona wazee wa kwenye kona. Wanaomba chumvi. Wanasifia chakula kabla hawajakionja. Mimi nilitaka kulipa kodi ya chumba changu na kufunga mlango wangu kwa ufunguo wangu, na kwa kitu hicho kimoja nilikuwa tayari kuvumilia mengi.

Nilipokaribia miaka hamsini na mitano nilikwenda ofisi ya Mfuko pale mjini kuomba taarifa ya michango yangu. Zamani taarifa hizo zilikuwa hadithi, lakini kompyuta zilikuwa zimeanza kuingia. Nilingoja wiki kadhaa, ikaja. Dada wa dirishani aliigeuza ili niione. Kila mwaka tangu kinu kiuzwe ulikuwa na shimo. Mei hadi Desemba michango ipo, yangu na ya mwajiri. Januari hadi Aprili hakuna kitu, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka chini. Nilimwambia mashine yake imekosea. Akasema mashine inaandika kile ambacho mwajiri ameleta, na mwajiri wangu kila Januari alileta orodha inayosema wafanyakazi wamesimamishwa mpaka msimu.

Kwa hesabu yangu nilikuwa nimevuka ile miaka kumi na mitano. Kwa hesabu ya Mfuko nilikuwa chini yake, na chini kwa miaka, sio kwa miezi.

Nilikwenda kwa meneja. Aliniamkia, akanipa kiti, akasema ni tatizo la Mfuko, hao watu wanapoteza kumbukumbu, nirudi kwao. Nilirudi kwa Mfuko. Wakasema mwanachama hatuwezi kumwekea mwezi ambao pesa yake haijaletwa, nirudi kwa mwajiri nipate ushahidi kwamba nilikatwa. Nikaomba vocha zangu. Meneja akasema zimepelekwa kwa tajiri kwa ukaguzi wa hesabu. Nikarudi tena Mfuko. Njia ile kati ya kinu na ofisi yao niliipita hata mbwa wa nyumba za pale wakaacha kunibwekea.

Na ubaya wake ni huu: sikuweza kupiga kelele sana, maana aliyekuwa ananiibia ndiye peke yake aliyeweza kunitimizia kilichobaki. Nikifukuzwa, nani angemwajiri bibi wa umri ule akae miaka mingine amchangie? Kila mwezi niliokaa pale uliniongezea mchango, na kila masika iliyopita ilinipunguzia. Nilikuwa kwenye mtego ambao ukivuta unakaza na usipovuta unakaza.

Niliwaambia wenzangu. Wao walikuwa na mashimo yaleyale, ila hawakujua. Slipu za nusu mshahara zenye makato walipewa kila Aprili wakirudi, na wengi walikuwa wamezisokotea tumbaku. Mlinzi wetu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, alicheka, akasema Mfuko wake yeye unakula majani na taarifa yake anaihesabu kila jioni zizini. Tulimwambia anyamaze. Tukaandika malalamiko pamoja, na Mfuko ukatuma mkaguzi.

Alikuja siku ya kazi, mwanaume wa pwani aliyejifunika koti na skafu katika jua la mchana. Meneja alimpa meza ghalani na akakaa naye. Tukaitwa mmojammoja wengine wakisikia. Swali lilikuwa moja: Januari hadi Aprili ulikuwa wapi?

Hapo ndipo tulipojichongea wenyewe. Fundi wa mashine akajibu shambani. Washona magunia wakajibu shambani. Makuli wakajibu shambani, na mmoja akaongeza kwa fahari kwamba mwaka ule alipata magunia ishirini na mawili. Kwa Mfipa hilo ni jibu la heshima. Mtu akiulizwa masika alikuwa wapi halafu akasema hakuwa shambani, watu wanamshangaa kama ni mgonjwa au mvivu. Hakuna aliyefikiri kwamba anaulizwa kama alikuwa kazini. Kwetu sisi miezi ya jembe ilikuwa ndani ya kazi, na jambo ambalo kila mtu analijua nani analitaja? Mkaguzi aliandika, shambani, shambani, shambani, na meneja alitazama kucha zake.

Nilikuwa wa mwisho. Nilisema nilikuwa hapa, kwenye mizani hii, nauza unga. Mkaguzi akainua kichwa kwa mara ya kwanza. Akauliza nani mwingine alikuwepo. Kabla sijajibu meneja akasema muda umekwenda, mama ataandika maelezo yake na kuyaleta ofisini, na mkaguzi, ambaye meno yake yalikuwa yanagongana kwa baridi, akakubali.

Jioni meneja aliniita. Alifunga mlango, akatoa bahasha ya kaki, akazimwaga vocha zangu mezani. Hazikuwa zimekwenda kwa tajiri wala kwa nani. Nilizitambua sahihi zangu zote, zile za miaka ya mwanzo zikiwa zimenyooka na hizi za karibuni zikitetemeka.

"Mama, wewe haki yako iko wazi," alisema. "Ulikuwa kazini. Miezi yako yote nitailipa, ya kwako na ya kampuni, na faini ya kuchelewa juu. Nakuomba uandike ukweli tu, kwamba ulikuwa peke yako."

Nikamuuliza na wenzangu je.

"Wao wamesema wenyewe walikuwa shambani. Mimi sijamfundisha mtu la kusema."

Nilikaa pale nikimchukia, na kilichonikera zaidi ni kwamba alikuwa hajaniomba niseme uongo. Nilikuwa peke yangu. Ningeweza kwenda na neno hilo hata kwa padri. Lakini nilijua kazi ambayo neno hilo lingefanya. Mfuko ungesoma kwamba kinu kilifungwa, kwamba alibaki mwanamke mmoja wa kuuza akiba, na wale wengine kweli walikuwa wamesimamishwa. Ukweli wangu ungekuwa kufuli la mlango wao. Nilimwambia nitafikiri, na nilisema hivyo kwa sauti ya upole ambayo si yangu.

Nilifikiri kwa siku nyingi na sikufikiri vizuri. Niliwakasirikia wenzangu kuliko nilivyomkasirikia meneja. Wana mashamba, nilijisemea. Wana matuta na maghala na wajukuu wa kuwachotea maji, na mimi nina chumba cha kupanga. Kwa nini mimi nisiye na jembe nizame kwa sababu ya majembe yao? Nilipokuwa nikipika nilibishana nao kwa sauti humo chumbani, na nilishinda kila mara.

Kisha mmoja wa washona magunia, mwanamke wa rika langu tuliyeanza naye kazi, alikuja kunisalimu. Hakujua lolote kuhusu bahasha. Mgongo wake ulikuwa umeharibika, alikaa akiegemea ukuta. Alizungumza habari za mbolea, za mjukuu aliyepata kipaimara, na akiwa anainuka akasema kama mtu anayekumbuka kitu kidogo: "Ile masika ya lori la shule, uliponiita nilikuwa na homa. Nikasema nikikataa nitakosa kazi, nikaja. Huyo mkaguzi hakuniuliza hilo."

Nilitamani asingekuwa amesema. Mpaka pale nilikuwa nimefanikiwa kuyasahau malori.

Nilikwenda ofisi ya Mfuko kesho yake, sikupitia kinuni. Niliandika kwamba katika miezi ile nilikuwa peke yangu kwenye mizani, na kwamba wenzangu walikuwa mashambani kwa ruhusa na kwa nusu mshahara uliokatwa mchango, na kwamba malori yalipokuja mimi mwenyewe, kwa amri ya meneja, niliwaita nao wakaja kupakua bila malipo mengine, kwa kuwa walikuwa wafanyakazi wa kinu. Nilitaja malori niliyoyakumbuka. Mkaguzi alisoma mara mbili, akaniambia haya ndiyo aliyokuwa anayatafuta, mtu anayeitwa na mwajiri wake akaja huyo hajasimamishwa. Alinipa mkono.

Haikupita muda nikapunguzwa kazini. Barua ilikuwa ya heshima, ikinishukuru kwa utumishi. Meneja hakuonekana siku hiyo.

Mambo ya Mfuko yalikwenda kwa mwendo wake. Slipu chache zilizonusurika tumbaku zilikusanywa. Mwajiri alidaiwa, akakana, akatishiwa mahakama, akaanza kulipa kwa mafungu. Miezi ya wenzangu ikaingizwa, ya nusu mshahara, lakini mwezi ni mwezi. Yule mshona magunia alipata pensheni yake na akanunua godoro la kulalia mgongo.

Yangu haikuingia. Kwa maandishi kinu kilisema kwamba katika miezi ile mimi nilikuwa kibarua wa kuuza unga, nikilipwa kwa siku, sijawahi kukatwa. Kwenye orodha ya nusu mshahara sikuwemo. Vocha, zilipoulizwa, hazikuwahi kuwepo. Wenzangu walikwenda kunitolea ushahidi, wote, wakiwa na nguo zao za Jumapili. Waliapa kwamba kila walipoitwa walinikuta kwenye mizani. Mkaguzi aliupokea. Nikapewa ile miezi ambayo lori lilikuja. Malori hayakuja kila mwezi, na kuna masika mbili halikuja hata moja. Mlinzi na akina mama wa unga wangeapa tu kwamba niliuza, jambo ambalo hata kibarua angelifanya. Kwa miezi mingine yote hapakuwa na mwenzangu wa kuniona kwenye mizani, kwa kuwa ni kweli nilikuwa peke yangu.

Dada wa dirishani alinihesabia kilichopungua. Hakikuwa kingi. Kilikuwa kingi kwa mtu asiye na mwajiri.

Nililima vibarua kwenye matuta ya watu, mwanamke wa umri wangu akipinda mgongo pamoja na vijana waliomaliza darasa la saba jana. Mwanangu akanitumia nauli ya Kasanga. Niliishika nauli ile usiku na mchana, nikaona ile kona, mkeka wake, na sahani niliyowekewa ya kwangu. Mwishowe nilikwenda kinuni.

Meneja alikuwa amenenepa kidogo. Hakuonyesha kushangaa. Alisema kweli karani aliyemweka haaminiki, wateja wanalalamika, na siku hizi Mfuko unamchungulia kila mwezi, kwa hiyo michango inakwenda bila wasiwasi. Nikasema ndiyo. Akasema anachoomba ni amani tu. Nikasema ndiyo. Nikarudi kwenye mizani yangu, na mkulima wa kwanza aliyebisha kilo nilimwacha abishe.

Michango iliingia kweli. Kila baada ya malipo nilikwenda dirishani kuuliza, na mwezi ulikuwepo, Januari, Februari, yote. Ilipotimia nilijaza fomu ya madai. Ina sehemu ambayo mwajiri lazima athibitishe na kugonga mhuri, bila hiyo haipokelewi. Niliiweka mezani pake. Aliisoma taratibu, akasaini, akatafuta mhuri, akaugonga sawasawa, akasimama kunipa fomu kwa mikono miwili.

Pensheni ni ndogo. Inalipa chumba na inabakiza ya chumvi, na mlango naufunga mwenyewe. Alichoniibia nimekwisha kuacha kukihesabu. Lakini siku ile, na fomu ikiwa mkononi, nilipiga goti kidogo na nikamwambia, "Asante sana, baba, Mungu akubariki," na niliyasema kwa moyo wangu wote. Hilo sijamsamehe.